Skrinshoti, VLC au ffmpeg: njia ipi inatoa fremu kali zaidi kwenye video ukaisafishe picha

Kila ukoo una mtu ambaye hana picha ya maana, labda hapendi kupigwa picha au kila ikipigwa anaangalia pembeni, ila kwenye video za shughuli yupo, tena yupo vizuri kabisa, anacheka, anaongea, anabariki watu. Sasa siku picha inapohitajika ndo watu wanaanza kuhangaika na ile video, mmoja anapiga skrinshoti, mwingine anasema fungua kwenye kompyuta na VLC, kijana mmoja anasema tumia ffmpeg itoe fremu zote, yaani zile picha moja moja zinazounda video. Wote wako sahihi kidogo, ila hizi njia hazilingani kabisa na kuna mazingira ambayo moja inatosha na nyingine ni kujichosha tu, ndo maana nataka niziweke pamoja tuone ipi ni ya nani.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo mwisho ili hesabu zikae sawa. Tuseme ni bibi kwenye sendofu ya mjukuu wake, ukumbini usiku, ameshika maiki anatoa baraka. Video imechukuliwa na simu ikiwa imelazwa, 1080p, fremu 30 kwa sekunde, dakika tatu. Familia inataka picha ya kusimama ya 5 kwa 7 ya kuweka sebuleni, na baba mdogo anataka ya A4.

Kabla ya njia yoyote, faili. Kama video uliyonayo ilifika kwako kupitia grupu la WhatsApp kwa kutumwa kawaida, hiyo sio video aliyopiga yule mtu, hiyo imeshabanwa na kupunguzwa, na hakuna njia kati ya hizi tatu itakayorudisha kilichokatwa. Mtafute aliyerekodi mwenyewe akutumie ile iliyoko kwenye simu yake, iwe kwa flashi, kwa Google Drive, au hata hiyo hiyo WhatsApp ila achague kutuma kama Document na sio kama video, hapo inapita bila kuguswa. Ikifika angalia Details zake, kama ilipigwa 1080p lazima usome 1920 kwa 1080, ukikuta namba ndogo kuliko hapo rudi kwa mwenye video kwanza. Mimi naona hii hatua inazidi zote zinazofuata, ukiniambia nichague kati ya skrinshoti ya video orijino na ffmpeg ya video ya grupu, nachukua skrinshoti.

Pikseli ni ngapi kweli

Fremu moja ya 1080p ina pikseli 1920 kwenda upana na 1080 kwenda juu, jumla kama milioni mbili. Ukisikia milioni mbili unaona nyingi ila angalia kinachotokea kwa bibi. Video imelazwa, picha tunayoitaka imesimama, kwa hiyo tunachukua urefu wote wa 1080 na upana wa 771 tu, pembeni kote tunakata. Ukiigawa kwenye 5 kwa 7 unapata pikseli 154 kwa kila inchi. Kwenye A4 ya kusimama unapata 92. Maabara za picha zinapenda 300 kwa inchi, 200 bado ni nzuri sana, 150 inakubalika kwa picha ya mezani, na ukishuka chini ya 100 mtu akiishika mkononi ataona ulaini hata kama hajui sababu, ila ukutani ukiwa umesimama mita mbili inapita.

Kwa hiyo ya sebuleni inawezekana, ya baba mdogo iko mpakani. Kama video ingepigwa simu ikiwa imesimama, A4 hiyo hiyo ingepata 131, na kama ingekuwa 4K iliyolazwa ingepata 185. Hesabu hii fanya mwanzo kabisa, maana ndo inakwambia kama unaweza kumudu kupoteza pikseli hata moja, na kwa mfano wetu hatuwezi.

Mwanga ndo unaoamua uhangaike kiasi gani

Hapa ndo watu wengi hawapaangalii na mimi naona ndo penyewe. Video ya fremu 30 kwa sekunde, kila fremu inaweza kubaki wazi kupokea mwanga mpaka sehemu moja ya thelathini ya sekunde, na ukumbini usiku simu inakaribia kutumia muda wote huo kwa sababu inahangaika kupata mwanga. Sasa chukua uso wa bibi, kutoka kidevu mpaka kilemba kinapoanzia ni kama sentimita 20, na kwenye fremu unachukua pikseli 250 hivi kwenda juu. Akitikisa kichwa kuitikia, kichwa kinakwenda labda sentimita 30 kwa sekunde, ndani ya ile sehemu ya thelathini ya sekunde kimeshasogea sentimita moja nzima, ambayo ni kama pikseli 12 za uso wake zimevutika. Hapo jicho halipo tena, kuna mstari tu.

Video hiyo hiyo ingepigwa nje saa nne asubuhi jua likiwaka, simu ingefungua kwa sehemu moja ya mia tano ya sekunde au hata haraka zaidi, na mtikisiko ule ule usingefika hata pikseli moja. Yaani mchana karibu kila fremu ni kali na kazi yako ni kutafuta sura nzuri tu, ila usiku ukumbini fremu kali ni chache na zimejificha kwenye vituo, pale mtu anapomaliza sentensi na kuvuta pumzi, pale mkono unapofika mwisho kabla haujarudi, pale kichwa kinapogeuka na kutulia. Maiki ikishuka kidogo baada ya "amina", hapo hapo ndo pa kutafuta. Ukilijua hili tu umeshapunguza dakika tatu zikawa sekunde chache, kwa njia yoyote utakayotumia.

Skrinshoti

Uzuri wake ni kwamba kila mtu anaijua na haihitaji kitu. Ubaya wake sio kwamba ni ya kizembe, ubaya ni kwamba inapiga picha ya kioo cha simu, haipigi picha ya video. Simu nyingi za bei ya kawaida huku kwetu kioo chake ni 720 kwa 1600. Ukiilaza simu video ya bibi inakaa kwenye 1280 kwa 720 ya hicho kioo, kwa hiyo zile 1080 za urefu zimeshakuwa 720, na 5 kwa 7 yako imeshuka kutoka 154 kwa inchi mpaka 103. Na kama ulipiga skrinshoti simu ikiwa imesimama, video ikawa kile kimkanda cha katikati, urefu wake ni pikseli 405 tu, ambapo picha ya sebuleni inapata 58 kwa inchi, hiyo studio wataisafisha kwa sababu umelipa ila utaiona tu ilivyo. Ongeza na vitufe vya kuchezesha video vinavyobaki juu ya picha, na ugumu wa kusimamisha kwa kidole pale unapotaka.

Ila kama kitu pekee ulichonacho ni simu, bado kuna njia bora kuliko skrinshoti. Kwenye Google Photos ya Android fungua video, gusa Edit, chini utaona Export frame, unaburuta mpaka pale unapotaka na inakuhifadhia fremu yenyewe. Simu za Samsung nazo, ukifungua video na kichezeshi chao kuna kialama cha kunasa fremu kwenye kona. Baada ya kunasa fungua Details za ile picha ulinganishe vipimo na vya video, zikiwa sawa umepata fremu kamili, zikiwa ndogo ujue simu yako imekupunja. Kwa video ya mchana hii njia ya simu inatosha kabisa na sioni sababu ya mtu kuwasha kompyuta. Kwa ya usiku inasumbua, kwa sababu kuburuta kwa kidole kwenye video ya dakika tatu kunaruka fremu nyingi, na zile nzuri mbili tatu unazozitafuta zinaweza kuwa katikati ya mruko.

VLC na jicho lako

VLC wengi wanayo tayari kwenye laptopu. Inanasa fremu kwa vipimo vya video yenyewe, sio vya kioo, na inahifadhi PNG kwenye folda ya picha, kwa hiyo kwenye pikseli haikupunguzii kitu. Unachezesha mpaka karibu na kituo, unasimamisha, alafu unabonyeza herufi E, kila ukibonyeza inasogea fremu moja mbele. Ukiona nzuri, Shift na S. Tatizo moja la kuudhi ni kwamba E inakwenda mbele tu, ukipitiliza inabidi urudi kwa Shift na mshale wa kushoto, sekunde tatu nyuma, alafu uanze tena E, E, E. Mtu anayefanya hii kazi mara kwa mara aangalie mpv, kichezeshi kingine cha video, yenyewe ukibonyeza nukta inakwenda mbele na ukibonyeza koma inarudi nyuma, raha tupu.

Kinachowaponza watu kwenye VLC ni kuchagua kwa kutazama dirisha dogo. Video ikiwa imebanwa kuenea kwenye kioo cha laptopu, fremu tano zinazofuatana zote zinaonekana kali sawa, kwa sababu kupunguzwa kunaficha ule mvutiko wa pikseli tatu nne. Usiamue hapo. Nasa nane au kumi kutoka kwenye vituo tofauti, alafu zifungue kwenye kitazamio cha picha kwa asilimia 100, usoni, moja baada ya nyingine.

Na ukifika usoni usiangalie uso wote, angalia kile kidoa cheupe cha taa ndani ya mboni ya jicho. Hicho kinasema ukweli wote. Kikiwa nukta ndogo, fremu ni kali. Kikiwa kimekuwa kamstari, mtu au mkono wa mpiga video ulikuwa unasogea, na mwelekeo wa kamstari unakuonyesha alisogea kwenda wapi, fremu mbili tatu mbele anaweza kuwa ametulia. Kikiwa kimetanuka kuwa duara laini pande zote, hapo ni fokasi, kamera ilikuwa imeshika pazia la nyuma au maua ya mezani, na fokasi hairudi ndani ya fremu mbili, inabidi uhame kabisa uende sehemu nyingine ya video. Na kama jicho liko sawa ila shavu limekuwa viraka viraka vya mraba, huo ni ubanaji wa video. Simu haihifadhi kila fremu nzima, inahifadhi moja nzima kila baada ya muda na zinazofuata inaandika tu kilichobadilika, ndo maana fremu mbili za mkao ule ule zinaweza kutofautiana ngozi, chukua ile yenye ngozi safi.

Hereni pia zinasaidia, na ukingo wa kilemba dhidi ya pazia, kama bibi amevaa miwani inayorudisha mwanga na mboni haionekani. Usijipime kwa maua ya kitenge, hayo ni makubwa yanaonekana vizuri hata kwenye fremu mbovu.

Kwa maoni yangu VLC ndo njia ya watu wengi. Inachokosa ni kumbukumbu, wewe ukishapita fremu 60 huwezi kukumbuka ya 14 ilikuwaje, na macho yanachoka yanaanza kukubali.

ffmpeg ikupangie

ffmpeg ni programu ya bure isiyo na vitufe, unaandika amri. Inatoa fremu zote za kipande unachotaka, kila moja faili lake, na hapo unaweza kuzipanga. Kosa la kwanza linalofanyika ni kutoa video nzima, dakika tatu ni fremu 5,400, kila PNG ya 1080p ni kama MB 3, utajaza kama GB 16 za diski na bado hujachagua. Tafuta kituo kwanza kwa macho. Kwa bibi yetu tuseme anamaliza kubariki dakika ya 1 na sekunde 40 ya video, anatulia, anatabasamu, tunatoa sekunde nne tu kuanzia hapo:

```
ffmpeg -ss 00:01:40 -i bibi.mp4 -t 4 -fps_mode passthrough fremu_%03d.png
```

Unapata fremu kama 120. Hilo neno `passthrough` linazuia isiongeze wala kupunguza fremu, maana simu nyingi hazirekodi 30 kamili muda wote, na kama ffmpeg yako ni ya zamani ikikataa weka `-vsync 0` badala yake.

Sasa kupanga. Njia rahisi isiyohitaji kuandika programu yoyote ni uzito wa faili. Badilisha ile mwisho iwe `-q:v 2 fremu_%03d.jpg`, utapata JPEG zote zenye ubora uliolingana, alafu kwenye folda panga kwa saizi. Fremu iliyovutika ina vitu vichache vya kuandika kwa hiyo faili lake linakuwa jepesi, fremu kali ina kope na nyuzi za kilemba na inakuwa nzito, zile kumi nzito zaidi ndo za kuanza nazo. Ukishachagua, rudi uchukue PNG ya namba hiyo hiyo ndo ukasafishe. Hii inafanya kazi pale tu ambapo mkao wa video haubadiliki kwenye zile sekunde nne. Mgeni akipita nyuma na gauni la vishanga, fremu zake zitakuwa nzito kuliko zote na bibi anaweza kuwa amefumba macho.

Ndo maana njia ya uhakika zaidi ni kupima uso peke yake. Kama una Python na maktaba ya OpenCV, hii inatosha:

```python
import cv2, glob
alama = []
for f in glob.glob("fremu_*.png"):
    uso = cv2.imread(f, 0)[150:520, 800:1120]
    alama.append((cv2.Laplacian(uso, cv2.CV_64F).var(), f))
for a, f in sorted(alama)[-10:]:
    print(round(a), f)
```

Zile namba za kwenye mabano ya mraba ni eneo la uso, mbili za kwanza ni kutoka juu kwenda chini na mbili za mwisho ni kutoka kushoto kwenda kulia, unazipata kwa kufungua fremu moja kwenye Paint na kusoma pale kipanya kilipo. Kipimo chenyewe kinaangalia jinsi mwanga unavyobadilika ghafla kati ya pikseli na jirani zake, uso mkali una mabadiliko mengi ya ghafla, uliovutika yameshalainika. Inakuchapia kumi bora, ya mwisho kabisa ndo yenye alama kubwa.

Usipoweka lile eneo la uso, alama inapima ukumbi. Pazia la nyuma lenye taa ndogo ndogo lina makali kuliko uso wa mtu yeyote, na fremu itakayoshinda ni ile ambayo kamera ilishika fokasi kwenye pazia, yaani mbovu kuliko zote kwa kazi yetu. Jambo la pili ni taa za dijei, ikipita taa nyeupe usoni alama inapanda kwa sababu ya tofauti ya mwanga na sio kwa sababu ya makali. Na namba zenyewe usizilinganishe kati ya video na video, au kati ya sekunde za gizani na sekunde za kwenye taa, kwa sababu chenga za gizani nazo zinahesabika kama makali. Ndani ya kipande kimoja chenye mwanga mmoja ndo zina maana.

Kwa mfano wetu, tuseme ya kwanza ni `fremu_047`. Unaifungua kwa asilimia 100, kidoa cha jicho ni nukta safi, ila macho yako nusu, alikuwa anapepesa. Kompyuta haijui macho, inajua makali. Kupepesa kunachukua sehemu ndogo ya sekunde, kwa fremu 30 ni kama fremu 3 mpaka 10, kwa hiyo usikimbilie mbali, angalia majirani. Unakuta `fremu_052` ni ya tano kwenye orodha, macho wazi, tabasamu bado lipo, kidoa kimerefuka kidogo sana kwa pikseli moja. Hiyo ndo ya kuchukua. Pikseli moja kwenye 5 kwa 7 hakuna atakayeiona, macho nusu kila mtu atayaona kila siku akipita sebuleni.

Basi yupi achukue ipi

Video ya mchana, au ya 4K yenye mwanga mzuri, mtu ametulia: Export frame ya simu au VLC, dakika kumi umemaliza, ffmpeg hapo haikuongezei chochote kinachoonekana. Video ya usiku ya 1080p na unataka picha ya 4 kwa 6 au 5 kwa 7: VLC na subira, au ffmpeg na kupanga kwa uzito kama hupendi kubonyeza E. Video ya usiku, mtu anatembea au anacheza, na ndo video pekee iliyopo: hapo ffmpeg na kipimo cha uso, bila kujadili, kwa sababu fremu nzuri inaweza kuwa moja kati ya mia na jicho lililochoka litaipita. Skrinshoti ibaki ya kuweka status.

Kama ni iPhone 12 au mpya zaidi na ilirekodi HDR, fremu za ffmpeg zinaweza kutoka zimepauka kama zimemwagiwa maziwa. Makali yake ni sawa kwa hiyo zitumie kutafuta namba, alafu fremu ya kusafisha inase kwa mpv ambayo inabadilisha rangi zikae kawaida.

Za DVD na kanda za zamani ni habari nyingine kidogo, na ndo mara nyingi wazee wetu wanapatikana huko. Kwenye hizo kila fremu imeshonwa kwa nusu mbili zilizochukuliwa kwa nyakati mbili tofauti, ukisimamisha mtu anasogea unaona kingo zake zimekuwa na mistari kama meno ya kitana. VLC ina herufi D ya kuondoa hiyo, na ffmpeg unaongeza hivi:

```
ffmpeg -ss 00:12:05 -i sherehe.vob -t 4 -vf bwdif,scale=768:576 -fps_mode passthrough zamani_%03d.png
```

`bwdif` inazitenganisha zile nusu na kukupa picha 50 kwa sekunde badala ya 25, kwa hiyo nafasi ya kumpata ametulia inaongezeka, na ile `scale` inarudisha umbo lake kwa zile zilizopigwa kwa mkao wa zamani wa 4 kwa 3, bila hiyo sura inakuwa imebadilika upana. Mistari 576 ni michache, kwa picha ya kusimama kaa kwenye saizi ndogo, hata 4 kwa 6 inapata 96 tu kwa inchi, kwa hiyo picha ndogo kwenye karatasi yenye ukingo mweupe mpana inakaa vizuri kuliko kuivuta.

Ukishapata fremu usiiongezee makali mpaka kope ziwe na ukingo mweupe, mashine nyingi za studio zinaongeza makali zenyewe wakati wa kusafisha na ukijumlisha na ya kwako uso unakuwa kama karatasi. Waambie pia wasiikate wenyewe, wewe ikate kwa uwiano wa 5 kwa 7 kabla, la sivyo mashine inakata kilemba.

Na kwa A4 ya baba mdogo, usilipie A4 kwanza. Fremu yetu kwenye A4 ina pikseli 92 kwa inchi, kwa hiyo kipande cha inchi 4 kwa 6 cha hiyo A4 ni pikseli 368 kwa 552. Kata kipande cha saizi hiyo usoni kwa bibi, kisafishe kama picha ya kawaida ya 4 kwa 6, bei yake ni ndogo, na utakachokiona pale ni uso wake vilevile utakavyokuwa kwenye A4. Mpe baba mdogo akibandike ukutani arudi nyuma hatua tatu aangalie, akisema sawa nenda kasafishe A4, akisita mwambie achukue 5 kwa 7.